Kabla ya Kulipia Tangazo: Barua Moja kwa Redio, Nyingine kwa Gazeti

Simu nyingi zinazoingia idara ya matangazo ya redio au gazeti huanza kwa swali moja: "Samahani dada, tangazo kwenu ni shilingi ngapi?" Afisa mauzo hujibu kwamba inategemea. Inategemea tangazo ni la sekunde ngapi, linarushwa saa ngapi, mara ngapi, na limeshatengenezwa au litatengenezwa pale pale kituoni. Mpigaji anasisitiza atajiwe bei ya chini kabisa, anatajiwa, anaagana na mwenzake, na baada ya hapo anajua namba moja ambayo peke yake haimsaidii kuamua chochote.

Mwenye biashara ndogo anahitaji kujua mambo matatu kwa pamoja: bei, idadi ya watu watakaofikiwa, na siku ya mwisho ya kuweka tangazo. Akikosa moja, mengine mawili yanampotosha. Bei rahisi kwa saa ambayo wateja wake wamelala ni ghali, na wasikilizaji wengi walio mkoa mwingine hawaji dukani. Nafasi nzuri iliyofungwa juzi ndiyo imeshapita. Tena mambo haya huulizwa kwa maandishi, kwa sababu jibu la simu halina ushahidi siku tangazo litakaposikika saa 6 usiku badala ya saa 12 asubuhi.

Tuchukue mfano wa biashara ambayo tarehe kwake hazina mjadala: kituo cha kutotolesha vifaranga mjini Morogoro. Yai la kuku hukaa kwenye mashine siku 21. Vifaranga wakitoka, wanatakiwa wauzwe siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu kila siku wanayobaki wanakula chakula, wanahitaji joto na chanjo, na mnunuzi aliyetaka kifaranga wa siku moja anaanza kuomba punguzo. Mfano huu ni wa kubuni na bei zake zimewekwa ili hesabu ifanyike, lakini taratibu zake ndizo zinazofuatwa na vyombo vya habari vya Tanzania, na kwa sehemu kubwa na vya Kenya pia.

Kabla ya kuandika barua, mwenye kituo anajiuliza wateja wake wako wapi. Kama ni wafugaji wa Kilosa, Mvomero na vijiji vya milima ya Uluguru, redio inayosikika nchi nzima inamuuzia wasikilizaji wa Kagera na Mtwara ambao hawatapanda basi kufuata vifaranga 50. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa leseni za redio kwa ngazi: za kitaifa, za mkoa, za wilaya na za kijamii. Swali la ngazi ya leseni ni la kwanza na halina aibu. Linaonyesha eneo ambalo kituo kimeruhusiwa kulifikia, hata kama kwenye vipeperushi vyake kinajiita redio ya taifa zima.

Leseni ni karatasi, na mawimbi yana tabia yake. Matangazo ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, kwa hiyo mlima mkubwa huweza kuyakata. Redio inayosikika vizuri Msamvu inaweza kukwaruza Mgeta au kutoweka kabisa upande wa Matombo, nyuma ya Uluguru. Hakuna orodha ya bei itakayosema hivyo. Anayejua ni mteja wa Mgeta, na kumpigia simu kumuuliza redio gani inashika nyumbani kwake, na asubuhi anafungulia ipi, ni utafiti wa shilingi chache unaozidi kurasa nyingi za vielelezo vyenye rangi. Wateja kumi wa vijiji tofauti wakishaulizwa, majina mawili au matatu ya redio hujitokeza yenyewe. Hizo ndizo za kuandikiwa barua.

Barua yenyewe iwe fupi na iwe na maswali yanayojibika. Inaweza kusomeka hivi:

"Kwa Idara ya Mauzo na Matangazo. Tunatotolesha na kuuza vifaranga wa siku moja mjini Morogoro. Wateja wetu ni wafugaji wa Kilosa, Mvomero na Morogoro Vijijini. Tunakusudia kurusha matangazo yapatayo 12 ya sekunde 30 kati ya tarehe 16 na 21 mwezi ujao. Tunaomba mtutumie orodha yenu ya bei inayotumika sasa, ikionyesha bei ya sekunde 30 kwa kila kipindi cha siku, na mtueleze kama bei hizo zina VAT au bado. Tunaomba takwimu za wasikilizaji wenu ndani ya Mkoa wa Morogoro, nani aliyezikusanya, lini, na kwa kuhoji watu wangapi. Tunaomba kujua siku na saa ya mwisho ya kuthibitisha nafasi, ya kulipa, ya kuleta sauti iliyorekodiwa, na ya kuahirisha bila kukatwa fedha. Mwisho, tangazo lisiporushwa kama ilivyopangwa, utaratibu wenu wa kufidia ni upi, na mnatoa uthibitisho gani kwamba limerushwa?"

Bajeti haimo ndani ya barua hiyo, na imeachwa kwa makusudi. Ukimwambia afisa mauzo kwamba una shilingi 500,000, pendekezo litakalorudi litagharimu shilingi 500,000. Hana nia mbaya. Kazi yake ni kujaza nafasi zilizo wazi kwenye ratiba. Idadi ya matangazo na tarehe zinamtosha kutengeneza hesabu, na bajeti itajwe baadaye, bei zikishawekwa mezani.

Jibu likija, mara nyingi huja likiwa na orodha ya bei pamoja na "ofa". Vituo vingi hugawa siku katika vipindi: alfajiri, asubuhi ya watu kwenda kazini, mchana, jioni ya watu kurudi, na usiku. Bei za juu huwa za asubuhi na jioni. Tuseme redio ya mkoa imejibu hivi: saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi, shilingi 20,000 kwa tangazo la sekunde 30, saa 1 hadi saa 4 asubuhi, 40,000, mchana 25,000, saa 10 hadi saa 1 jioni, 40,000, usiku 15,000. Chini yake kuna ofa: matangazo 20 kwa shilingi 500,000, "yatarushwa muda wowote kulingana na nafasi". Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba bei zote hazijajumuisha VAT.

Wengi huvutwa na ofa. Matangazo 20 kwa laki 5 ni shilingi 25,000 kila moja, na kwenye orodha yapo ya 40,000. Sasa pigeni hesabu kwa macho ya muuza vifaranga. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, na kwa kiwango hicho ofa inagharimu 590,000. Biashara ambayo haijasajiliwa kwa VAT haiwezi kuidai fedha hiyo irudi; kwake ni gharama kama gharama nyingine. Halafu "muda wowote" maana yake ni muda uliobaki baada ya wateja wakubwa kuchukua wa kwao. Iwapo kati ya matangazo 20, manne tu yanaangukia saa ambazo mfugaji yuko karibu na redio, kila tangazo lililomfikia limegharimu shilingi 147,500.

Mfugaji wa kijijini huamka mapema. Saa 11 na nusu yuko bandani au jikoni, na redio iko dirishani. Saa 2 asubuhi, ambapo tangazo ni shilingi 40,000, anayesikiliza sana ni mtu wa mjini aliye kwenye daladala au ofisini. Kwa muuza simu hiyo ndiyo saa ya dhahabu. Kwa muuza vifaranga, alfajiri ya shilingi 20,000 ni bora kuliko asubuhi ya bei mara mbili, na hapa ndipo mtaji mdogo unapopata nafuu ya kweli, kwa sababu orodha ya bei hufuata wingi wa wasikilizaji wote bila kujali mteja wako ni nani. Matangazo 12 ya alfajiri ni shilingi 240,000. VAT ni 43,200. Jumla 283,200, sawa na 23,600 kwa kila tangazo, na yote 12 yako kwenye saa inayotakiwa.

Saa yenyewe iandikwe kwa namna isiyo na mashaka. Ratiba za studio huendeshwa kwa saa 24: 05:30, 06:15, 16:00. Mteja anafikiri kwa saa za Kiswahili. Akiandika "saa 10" bila kusema jioni wala alfajiri, na anayepanga ratiba akaisoma kama 10:00, tangazo litarushwa saa 4 asubuhi na kila upande utaona umetimiza wajibu wake. Njia salama ni kuandika zote mbili pamoja: saa 11:30 alfajiri (05:30).

Katika mazungumzo ya bei, jambo moja hufaa kuulizwa kwa upole. Bei ya kwenye orodha mara nyingi imepangwa ikiwa na kamisheni ya wakala wa matangazo ndani yake, na kwa desturi ya biashara hii kamisheni hiyo huwa asilimia 15 au karibu na hapo. Mteja aliyekuja mwenyewe bila wakala anaweza kuomba apewe punguzo la kiasi hicho. Vituo vingine hukubali, vingine hukataa lakini huongeza tangazo moja au mawili ya bure, vingine hutoa huduma ya kurekodi bila malipo. Gharama ya kurekodi iulizwe mapema, maana ni rahisi kuisahau: msomaji, studio, na muziki wa chini. Muziki nao si wa kuokota. Wimbo wa msanii una haki zake, na kuuweka kwenye tangazo bila ruhusa ni kutafuta kesi. Maneno nayo yapimwe: sekunde 30 za Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu hubeba takriban maneno 60, na namba ya simu peke yake, ikitajwa mara mbili, inakula karibu theluthi ya muda huo.

Takwimu za wasikilizaji ndiyo sehemu ya jibu inayohitaji macho makali zaidi. "Tunafikia watu milioni 3 mkoani Morogoro" ni sentensi inayoweza kuwa kweli bila kukusaidia. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa huo na watu wapatao milioni 3.2, kwa hiyo milioni 3 ni karibu kila mtu, pamoja na watoto wachanga. Namba ya aina hiyo huhesabu wanaoishi mahali mawimbi yanakofika, yaani wanaoweza kusikiliza wakitaka. Namba ya pili ni ya waliosikiliza angalau mara moja katika wiki. Ya tatu ni ya waliokuwa wakisikiliza katika robo saa fulani ya siku fulani. Mwenye tangazo la sekunde 30 ananunua hiyo ya tatu, na siku zote ndiyo ndogo kuliko zote. Barua ya kufuatilia inaweza kuuliza waziwazi: "Kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi, siku za kazi, mnakadiria wasikilizaji wangapi ndani ya mkoa?"

Lifuatalo ni swali la nani alihesabu. Afrika Mashariki kuna kampuni za utafiti kama Ipsos na GeoPoll ambazo zimekuwa zikipima usikilizaji wa redio. GeoPoll hutumia simu za mkononi, watu wakijibu maswali kuhusu walichosikiliza. Nchini Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano huchapisha ripoti za kupima hadhira ya redio na televisheni ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye tovuti yake. Afisa mauzo akituma ukurasa mmoja wenye kituo chake juu ya chati, aombwe jina la utafiti, mwezi na mwaka, na idadi ya waliohojiwa.

Idadi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Tuseme utafiti umehoji watu 2,000 nchi nzima, waliochaguliwa kwa haki. Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120 wakati wa sensa ya 2022, na Morogoro ni kama watu 5 katika kila 100. Maana yake waliohojiwa Morogoro ni kama 100 tu. Kati yao 18 wakisema wanasikiliza redio fulani, chati itaandika asilimia 18 kwa herufi nene. Lakini kwa watu 100, kanuni za takwimu zinasema asilimia halisi inaweza kuwa popote kati ya 11 na 25 hivi. Redio nyingine yenye asilimia 14 kwenye chati hiyo hiyo huenda ndiyo inayoongoza. Ukitaka kujua wafugaji tu, kati ya 100 hao watabaki wachache mno kusema lolote. Utafiti wa namna hiyo unafaa kwa kampuni inayotangaza nchi nzima. Kwa wilaya tatu za mkoa mmoja, zile simu kumi kwa wateja na ukurasa huo wa chati vina nguvu zinazokaribiana, na vikipingana ni haki kumuuliza afisa mauzo kwa nini.

Kituo kidogo cha wilaya au cha kijamii huenda hakina utafiti wowote, na kusema hivyo ni uaminifu. Kiombwe kitu kingine: idadi ya simu na ujumbe kinaopokea kwa siku kwenye kipindi cha kilimo, na kutoka vijiji gani. Mtangazaji anayesoma salamu za wasikilizaji kila asubuhi huwa na daftari au simu yenye majina ya vijiji hivyo, na si vibaya kuomba kuliona.

Gazeti nalo lina namba zake tatu. Kuna nakala zilizochapwa, kuna zilizouzwa baada ya zisizouzwa kurudishwa, na kuna wasomaji, ambao hupatikana kwa kuzidisha nakala kwa idadi ya watu wanaodhaniwa kusoma kila moja. Gazeti likichapa nakala 20,000, zikarudi 4,000, zimeuzwa 16,000. Likikadiria kila nakala inasomwa na watu watano, linatangaza wasomaji 80,000. Hakuna uongo hapo, ila 16,000 zilipimwa na watano walikadiriwa. Swali la mwenye biashara ndogo ni jembamba zaidi: nakala ngapi zinashuka Morogoro kila siku, na ngapi zinabaki? Wakala wa magazeti wa mjini, anayepokea mabunda alfajiri na kurudisha yaliyobaki, anajua jibu hilo kwa kila gazeti, la Mwananchi, la Nipashe, la HabariLeo na la michezo. Anajua pia siku gani yanaisha mapema.

Bei ya gazeti hupimwa kwa ukubwa. Mbali na ukurasa mzima, nusu na robo, kipimo cha kawaida ni sentimita moja ya urefu katika safu moja ya upana. Tangazo la safu 2 kwa sentimita 10 ni vipimo 20. Bei ya kipimo ikiwa shilingi 8,000, tangazo ni 160,000, na VAT ikiongezwa ni 188,800. Kabla ya kulinganisha magazeti mawili, ulizeni ukurasa una safu ngapi. Kwenye gazeti la ukubwa wa kawaida hapa kwetu, safu moja ya ukurasa wenye safu 6 ni pana kuliko ya ukurasa wenye safu 7, kwa hiyo "safu 2" za gazeti moja zinaweza kuzidi za jingine kwa zaidi ya sentimita moja. Rangi huongeza bei, ukurasa wa mbele na wa mwisho huongeza zaidi, na matangazo madogo madogo hulipiwa kwa maneno. Kwa vifaranga, hayo madogo yanatosha, tena siku ambayo gazeti lina kurasa za kilimo, kama lipo linalozitoa.

Rangi ina ukomo ambao wateja wengi hawauelewi hadi wakataliwe. Kurasa za gazeti huchapwa kwenye karatasi moja inayokunjwa, kwa hiyo katika gazeti la kurasa 32, ukurasa wa 1 na wa 32 viko upande mmoja wa karatasi, wa 2 na wa 31 upande wa pili. Rangi ikiwekwa ukurasa wa 2, wa 31 nao unaipata, na mhariri anapanga kurasa za rangi akijua hilo. Zikijaa, zimejaa. Ndiyo maana nafasi ya rangi hufungwa mapema kuliko ya nyeusi na nyeupe, na ndiyo maana kuomba ukurasa maalum jioni ya kuamkia siku ya gazeti hakusaidii hata ukiongeza fedha. Idadi ya kurasa yenyewe huamuliwa baada ya matangazo kujulikana. Magazeti mengi ya kitaifa huchapwa Dar es Salaam na kusafirishwa usiku, kwa hiyo toleo la mikoani linawahi kuondoka mtamboni; gazeti liulizwe kama saa ya mwisho linayoitaja ni ya toleo la mikoani au la Dar es Salaam.

Hapa turudi kwenye mayai, maana tarehe ndizo huharibu mipango mingi. Mayai yanaingia mashinini Jumatatu tarehe 2. Vifaranga wanatoka Jumatatu tarehe 23. Alhamisi tarehe 12, siku ya 10, mayai yanapimwa kwa mwanga na kituo kinajua kwa makadirio mazuri kitapata vifaranga wangapi. Kutangaza kabla ya hapo ni kuahidi usichokijua. Redio imejibu kwamba nafasi inathibitishwa "siku 3 za kazi kabla ya tangazo la kwanza". Matangazo yalitakiwa kuanza Jumatatu tarehe 16. Hesabuni kurudi nyuma: Ijumaa 13, Alhamisi 12, Jumatano 11. Siku ya mwisho ni Jumatano, siku moja kabla ya kupima mayai.

Njia mbili ziko wazi. Mayai yanaweza kupimwa mapema, hata siku ya 7, ingawa makadirio yake ni hafifu kidogo. Au matangazo yaanze Jumatano tarehe 18, ambapo siku ya mwisho inahamia Ijumaa 13, na badala ya mawili kwa siku sita, yarushwe matatu kwa siku nne, Jumatano hadi Jumamosi. Idadi ni ile ile 12 na gharama ni ile ile. Njia ya pili ni bora kwa bidhaa hii, kwa sababu mfugaji anayesikia Jumamosi kwamba vifaranga wanatoka Jumatatu ana muda wa kutosha kuandaa banda na hana muda wa kusahau.

Mpango huo bado una mtego. Kwa mteja mpya na mdogo, vituo vingi havihesabu nafasi kuwa imethibitishwa mpaka fedha iingie. Profoma ikitumwa Ijumaa asubuhi na malipo ya benki yakaonekana Jumatatu, tarehe 18 imepotea. Siku ya mwisho ya kweli ni ya malipo, na sikukuu ikiangukia katikati, "siku za kazi" zinasogea. Malipo yaende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la kampuni, lile lile lililo kwenye profoma. Afisa akiomba fedha iingie kwenye simu yake "ili akuwahishie", mteja apige simu ya ofisi kwanza. Na risiti ya mashine ya EFD idaiwe siku hiyo hiyo.

Sauti au mchoro una saa yake tofauti na ya nafasi. Nafasi inaweza kufungwa Ijumaa na sauti ikapokelewa hadi Jumatatu mchana. Kwa gazeti, mchoro wa PDF unaweza kupokelewa siku moja baada ya nafasi kufungwa. Bidhaa zinazosimamiwa kisheria zinahitaji muda zaidi. Mwenye duka la dawa, kwa mfano, anahitaji kibali cha TMDA kwa tangazo la dawa, na kituo makini hakitarusha bila kukiona. Kituo cha vifaranga kina hatari yake: umeme ukikatika usiku mzima na jenereta ikagoma, kundi lote linaweza kufa. Ndiyo sababu barua iliuliza kuhusu kuahirisha. Redio ikijibu kwamba taarifa ya saa 48 inatosha na fedha inabaki kama salio kwa kundi lijalo, jibu hilo lichapwe na kuwekwa pamoja na profoma.

Matangazo yakianza, mtu mmoja wa kituoni akeshe na redio, au aombe mteja wa Mvomero asikilize kwa niaba. Aandike tarehe na dakika. Mwisho wa wiki redio itatoa taarifa ya urushaji, karatasi inayoorodhesha kila tangazo na saa lililorushwa. Gazeti litatoa nakala ya ukurasa. Orodha mbili zikilinganishwa na likaonekana tangazo la Alhamisi 06:40 halikusikika, haina haja ya ugomvi. Anaandikiwa afisa mauzo ujumbe mfupi wenye tarehe na saa, na kuombwa tangazo mbadala katika kipindi kile kile cha alfajiri. Likiwekwa saa 5 usiku, mteja anayo haki ya kulikataa, kwa sababu alilipia 20,000 na usiku ni 15,000.

Na kila anayepiga simu kuagiza vifaranga aulizwe mambo mawili, anapiga kutoka kijiji gani na amesikia wapi, yaandikwe kwenye daftari la oda. Kundi lijalo litaingia mashinini tarehe 23 ile ile, vifaranga wakishatoka. Barua ya pili kwa redio itakuwa fupi kuliko ya kwanza: itaomba bei ya mteja anayerudi, itaacha saa ambazo hazikuleta simu, na kama Matombo haikupiga hata mtu mmoja, itaulizia ni lini mtambo mwingine utawekwa upande ule wa mlima, na redio ipi inasikika huko kwa sasa.